Uzi: Sera ya likizo ina "isipokuwa" zinazopigana zenyewe kwa zenyewe. Naiwekaje sawa bila kumpunguzia mtu hata siku moja?

Karatasi_Mbili (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za kazi. Nimekabidhiwa sera ya likizo niinyooshe lugha ieleweke. Sharti nililopewa ni moja: haki zote zibaki kama zilivyo, asipungukiwe mtu. Nilidhani ni kazi ya siku mbili, kumbe vifungu vyenyewe vinapingana. Naviweka hapa neno kwa neno, vile vyenye shida tu.

4.1 Kila mfanyakazi ana siku 24 za kazi za likizo ya mwaka, zinazolimbikizwa siku 2 kila mwezi. Licha ya kifungu kingine chochote, siku zisizotumika hadi 31 Desemba zitafutwa.

4.2 Isipokuwa mfanyakazi anaweza kuvusha siku zisizozidi 8 hadi 31 Machi, kwa idhini ya mkuu wa idara.

4.5 Mfanyakazi aliye kwenye majaribio ya miezi 6 hataruhusiwa kuchukua likizo ya mwaka.

5.3 Mfanyakazi akiugua akiwa likizoni atarudishiwa siku hizo, akiwasilisha cheti cha daktari ndani ya saa 48.

5.4 Siku zilizorudishwa chini ya 5.3 zitumike ndani ya mwaka huohuo.

6.2 Likizo ya uzazi ni siku 90 za kalenda. Likizo ya mwaka huendelea kulimbikizwa katika kipindi hicho, na siku hizo hazitapotea kwa hali yoyote.

7.1 Bila kujali kifungu kingine chochote, hakuna likizo ya aina yoyote itakayotolewa kati ya 15 Novemba na 15 Januari.

Mfano ulionikwamisha: mfanyakazi ametumia siku 10 za likizo ya mwaka kabla ya Septemba. Anaanza likizo ya uzazi 1 Septemba 2026, inaisha 29 Novemba, anarudi kazini Jumatatu 30 Novemba. Mwaka ukifungwa ana siku 14 mkononi. Anavuka na ngapi? Kila ninayemuuliza ana jibu lake, na kila jibu lina kifungu cha kuliunga mkono.

---

BwanaShoka

Rahisi. Ongeza kifungu cha mwisho: "Pakitokea mgongano, uamuzi wa uongozi ndio wa mwisho." Umemaliza, nenda kanywe maji.

---

WakiliWaKona

Hapana shida kubwa hapo. Kanuni inajulikana: kifungu maalumu hushinda kifungu cha jumla. 4.1 ni cha jumla, 6.2 ni maalumu kwa likizo ya uzazi. Kwa hiyo 6.2 kinashinda, mama anavuka na siku zake zote 14.

---

BintiMwema_

Samahani kuingilia. Mimi nina siku 11 zimebaki na naacha kazi mwezi ujao. Je, nitalipwa pesa au zinakufa? Naona hapa hamjaligusa.

---

Mzee_wa_Vifungu

@BintiMwema_ dada, swali lako ni zuri lakini si la uzi huu. Malipo ya siku zilizobaki mtu anapoondoka yana kifungu chake kwenye mkataba na kwenye sheria ya kazi ya ulipo. Anza na mkataba wako, sehemu ya kusitisha ajira, na ufungue uzi wake upate wachangiaji.

@BwanaShoka dawa yako inaua mgonjwa. Siku ambazo leo mtu anazidai kwa kuonyesha kifungu, kesho ataziomba kwa kuonyesha uso wa unyenyekevu. Umegeuza haki kuwa hisani, na sharti la mwenye uzi lilikuwa haki zibaki. Hesabu ya siku inaweza kubaki ileile kwenye karatasi na bado umempunguzia mtu, kwa sababu umemnyang'anya uwezo wa kudai.

@WakiliWaKona umepata nusu. Kanuni yako ni ya kweli, ila umeitumia kuliko inavyostahili. Soma tena 6.2: kinalinda "siku hizo", yaani zilizolimbikizwa ndani ya likizo ya uzazi. Hizo ni Septemba, Oktoba na Novemba, miezi 3 mara siku 2, jumla 6. Nane zilizobaki ni siku za kawaida, na 6.2 hakina habari nazo. Hizo ziko chini ya 4.2, na 4.2 kinataka idhini.

Kwa hiyo swali lenyewe, Karatasi_Mbili, ni jembamba kuliko ulivyoliweka: zile 6 zinaingia ndani ya kikomo cha siku 8, au zinakaa juu yake? Zikiingia ndani, anavuka na 8 na 6 zinakufa. Zikikaa juu, anavuka na 14. Tofauti ni siku 6.

---

Karatasi_Mbili

Mzee, shukrani. Sasa nachagua usomaji upi? Meneja mmoja ananiambia "sera inasema 8, ni 8".

---

Mzee_wa_Vifungu

Usichague bado. Kwanza tenganisha vitu vitatu ambavyo sera hii imevikoroga kwenye chungu kimoja.

Kuna idadi: mtu ana siku ngapi. Kuna wakati: anaruhusiwa kuzitumia lini. Kuna ukomo: zinakufa lini. Chukua kila kifungu ukiulize kinasema lipi kati ya hayo matatu. Sentensi ya kwanza ya 4.1 ni idadi, ya pili ni ukomo. 4.2 ni ukomo. 4.5 ni wakati. 5.3 ni idadi, inarudisha. 5.4 ni ukomo. 6.2 ina vyote viwili, idadi na ukomo. 7.1 ni wakati, wakati mtupu.

Ukishafanya hivyo utaona haki zenyewe hazigombani. Hakuna kifungu kinachosema mtu ana siku 24 na kingine kinachosema ana 20. Ugomvi wote ni kwamba kifungu cha wakati kinafunga mlango huku kifungu cha ukomo kikihesabu dakika. Mtu anazuiwa kutoka, halafu anaadhibiwa kwa kutotoka.

Jambo la pili ni yale maneno makubwa. Una "licha ya kifungu kingine chochote" kwenye 4.1, "bila kujali kifungu kingine chochote" kwenye 7.1, na "kwa hali yoyote" kwenye 6.2. Mafahali watatu zizi moja. Kila aliyeandika alitaka chake kishinde, na kwa kuwa kila mmoja anasema anashinda vyote, hakuna anayeshinda. Cheki hata ndani ya kifungu cha 4 pekee: 4.1 inafuta licha ya chochote, kisha 4.2 inaanza na "isipokuwa". Ukimfuata 4.1 herufi kwa herufi, 4.2 haijawahi kuwepo.

Yaondoe yote matatu. Badala yake kila ubaguzi utaje namba ya kifungu unachokiegemea au kukishinda. "Kifungu hiki kinabadili ukomo ulio katika 4.1" ni sentensi isiyobishaniwa.

---

HesabuSafi

Nafanya malipo, naongezea ya upande wetu.

Soma 7.1 polepole: "hakuna likizo ya aina yoyote". Mama wa mfano wenu yuko kwenye likizo ya uzazi mpaka 29 Novemba. Zuio linaanza 15 Novemba. Kwa maneno ya sera, siku zake 15 za mwisho hazipaswi kutolewa! Na anayelazwa hospitali 3 Desemba naye hana likizo ya ugonjwa. Najua hakuna anayetekeleza hivyo, lakini maandishi ndivyo yalivyo. Mwandishi alikuwa anafikiria ufungaji wa hesabu na watu wanaotaka kwenda kupumzika, akaandika "likizo" bila kusema ipi.

---

Karatasi_Mbili

Duh. Hiyo nilikuwa nimeipita mara kumi.

---

WakiliWaKona

Sawa, nakubali kwenye "siku hizo", nilisoma haraka. Lakini kuhusu 8 au 14 kuna kanuni nyingine: utata husomwa dhidi ya aliyeandika. Mwajiri ndiye aliyeandika sera, hivyo usomaji unaompa mfanyakazi zaidi ndio unaoshika. Na pia kuna Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani, ILO, namba 132 wa 1970, ibara ya 12: makubaliano ya mfanyakazi kuachia haki yake ya kiwango cha chini cha likizo ni batili au hukatazwa. Kwa hiyo hata wakimsainisha akubali 8, bure.

---

Mzee_wa_Vifungu

Kanuni ya kwanza inafaa hapa. Ya pili, taratibu kidogo. Mkataba ule unabana nchi zilizouridhia, na kiwango chake cha chini ni wiki 3 za kazi kwa mwaka. Siku 24 za kazi, kwa wiki ya siku 5, ni karibu wiki 5. Mtu anayepoteza siku 6 amebaki na 18, bado yuko juu ya kiwango kile. Ibara hiyo haimsaidii kwenye siku za ziada. Ila ndani ya mkataba huohuo kuna mambo mawili ya kujifunza namna ya kuandika. Ibara ya 6 inaziweka sikukuu nje ya hesabu ya likizo, na inaacha mlango wa siku za ugonjwa nazo kutohesabiwa, kwa masharti ya mamlaka ya nchi. Ibara ya 9 inaweka ukomo wa kutumia likizo mbali na idadi ya siku. Idadi kwake, ukomo kwake, ndilo tunalolisema hapa.

Karatasi_Mbili, kuhusu 8 au 14. Kipimo changu ni hiki: usomaji upi unakiachia kila kifungu kazi ya kufanya? Ukisema 6 zimo ndani ya 8, basi 6.2 hakina kazi. Mfanyakazi yeyote, awe alijifungua au la, anaweza kuomba kuvusha 8. Kwa nini basi mtu aliandika "hazitapotea kwa hali yoyote"? Ukisema 6 ziko juu ya 8, 4.2 kinafanya kazi yake kwa siku za kawaida na 6.2 kinafanya yake kwa siku za uzazi. Hakuna kifungu kinachokaa bure.

Lakini andika kwa uaminifu: 6 ni zake bila kuomba, 8 ni zake *akiidhinishiwa*. Usijisahau ukampa 14 zote bila idhini, hiyo nayo ni kubadili sera, ila kwa upande wa pili.

---

BwanaShoka

Mzee mimi nauliza kitu kimoja. Kama miaka yote ofisi imekuwa ikikata, mama anarudi anapewa 8, hakuna aliyelalamika, basi haki iliyopo ni 8. Kuandika 14 si "kufafanua", ni kuongeza. Mwenye mali akikataa?

---

Mzee_wa_Vifungu

Hapo umeuliza swali la kweli, nami sitajifanya lina jibu moja. Mazoea ya muda mrefu yana uzito, hasa yakiwa wazi na pande zote zikiyajua. Ila kukaa kimya kwa mtu ambaye hakuambiwa kwamba 6.2 kipo si kukubali. Msimamo wangu: ukifafanua kwa kushusha, huo si ufafanuzi tena, ni badiliko la masharti ya kazi, na badiliko lina njia yake ya mashauriano na ridhaa. Mwenye mali akitaka 8, apite njia hiyo kwa jina lake. Asipitie kwenye kalamu ya mnyoosha lugha.

---

WakiliWaKona

Wapo watakaokupinga hapo, mzee. Mazoea ya miaka 10 yaliyo sawa kwa kila mtu yanaweza kusomwa kama ndiyo maana ya kifungu.

---

Mzee_wa_Vifungu

Wanaweza. Ndiyo maana nasema aipeleke kwa uongozi na tofauti ikiwa imeandikwa, siku 6, ili anayeamua ajue anaamua nini.

---

HesabuSafi

Turudi kwenye ugonjwa, maana ndiko kwenye mtego mbaya zaidi, vifungu vitatu vinashirikiana.

Mtu anaomba siku 10 za kazi, Jumatatu 2 Novemba 2026 hadi Ijumaa 13 Novemba. Jumatano tarehe 11 anaugua, na cheti kinamfunika mpaka Ijumaa. Cheti kimefika ndani ya saa 48. Kwa 5.3 anarudishiwa siku 3. Kwa 5.4 azitumie kabla ya 31 Desemba. Kwa 7.1 mlango unafungwa Jumapili 15 Novemba. Kati ya Ijumaa aliyopona na Jumapili ya zuio kuna Jumamosi moja, ambayo si siku ya kazi. Amerudishiwa siku 3 ambazo hazina hata siku moja ya kutumiwa.

Na mfumo wetu wa malipo haulii. Unaandika "rejesho: 3", kisha 31 Desemba unaandika "zilizofutwa: 3". Kila kifungu kimefuatwa. Ukitaka kujua ni wangapi wamepigwa hivyo, chuja marejesho yote ya ugonjwa yaliyoingizwa kuanzia Novemba, linganisha na safu ya zilizofutwa za mtu huyohuyo.

---

BwanaShoka

Huo si mgongano, ni bahati mbaya. 5.3 kinafanya kazi vizuri kwa aliyeugua Juni.

---

HesabuSafi

Haki inayofanya kazi Juni na kufa Novemba, na mfanyakazi hana kosa? Unaiitaje?

---

Mzee_wa_Vifungu

BwanaShoka ana hoja kidogo, tusimdharau. Kisarufi 5.4 na 7.1 vinaweza kukaa pamoja. Kinachonifanya niuite mgongano ni kwamba 5.3 kinasema "atarudishiwa", na kurudishiwa kitu usichoweza kukishika hata dakika moja si kurudishiwa. Lakini ukitaka kuuweka kwenye kundi la "ya kuamuliwa" badala ya "ya kurekebishwa", sitagombana nawe.

Dawa ni ileile kwa vyovyote: ukomo usitembee wakati mwajiri amefunga mlango. Zuio lina siku 62 za kalenda, 15 Novemba hadi 15 Januari. Sentensi moja inayosimamisha ukomo kwa kipindi hicho inaokoa siku za ugonjwa bila kugusa zuio. Watu wa hesabu wanabaki na watu wao kazini, wagonjwa wanabaki na siku zao.

---

Karatasi_Mbili

Nimekaa nalo usiku. Rasimu ya kwanza hii hapa, nipigeni.

4.1 Kila mfanyakazi ana siku 24 za kazi za likizo ya mwaka, zinazolimbikizwa siku 2 kila mwezi. Ukomo wa kuzitumia ni 31 Desemba, ila kwa siku zilizotajwa katika 4.2, 4.3, 5.4 na 6.2.

4.2 Siku zisizozidi 8 huvuka hadi 31 Machi kwa idhini ya mkuu wa idara. Siku zilizo chini ya 5.4 na 6.2 hazihesabiwi ndani ya hizi 8 na hazihitaji idhini ili zivuke.

4.3 Ukomo wowote wa kutumia likizo husimama katika siku ambazo mfanyakazi haruhusiwi kuchukua likizo ya mwaka.

5.4 Siku zilizorudishwa chini ya 5.3 zitumike ndani ya mwaka huohuo, au baadaye kwa mujibu wa 4.3.

6.2 (sentensi ya mwisho) Siku hizo huvuka zote.

7.1 Kati ya 15 Novemba na 15 Januari maombi ya likizo ya mwaka hayataidhinishwa kwa tarehe zilizo ndani ya kipindi hicho. Kifungu hiki kinapanga tarehe tu. Hakipunguzi siku, na hakigusi likizo ya ugonjwa wala ya uzazi.

---

HesabuSafi

7.1 safi sana. Hiyo "kinapanga tarehe tu" ningeibandika ukutani.

Shida yangu ni 4.3. "Husimama" maana yake nini kwenye mfumo? Nihesabu nini? Zuio linakata mwaka katikati: siku 47 zinaishia 31 Desemba na 15 ziko baada. Ukiniambia ukomo umesimama, naongeza siku 47 au 62? Karani mmoja ataongeza hivi, mwingine vile. Niandikie tarehe. "Siku zilizorudishwa chini ya 5.3 ambazo ukomo wake ungeangukia ndani ya zuio, ukomo wake ni 31 Machi." Tarehe moja, na tayari mfumo unaijua kwa sababu ya zile 8.

La pili, umesahau mpangilio wa kutumia. Mama wa mfano anafika Januari na mafungu mawili: 6 za uzazi zisizo na ukomo, na 8 zinazokufa 31 Machi. Pamoja nayo ana mpya za mwaka 2027. Akichukua siku 5 Februari, zinatoka fungu lipi? Mfumo ukikata zile za uzazi kwanza, Machi inafika na za kawaida 8 ziko palepale, zinafutwa. Umemlinda kwa mkono wa kulia ukampokonya kwa wa kushoto. Andika: zinazokufa mapema ndizo zinazotumika kwanza.

---

Mzee_wa_Vifungu

Hilo la mpangilio nilikuwa sijaliona, HesabuSafi. Ongeza, bila mjadala.

Mimi nina tatizo jingine na 4.3, na hili ni la aina nyingine kabisa. Umeandika "siku ambazo mfanyakazi haruhusiwi kuchukua likizo". Nani mwingine haruhusiwi? Aliye kwenye majaribio, 4.5. Jaribu: mtu ameajiriwa 1 Agosti 2026, majaribio yanaisha 31 Januari 2027. Kufikia 31 Desemba amelimbikiza miezi 5 mara 2, siku 10. Kwa sera ya zamani anaweza kuvusha 8 akiidhinishiwa, 2 zinakufa. Kwa rasimu yako anavuka zote 10 bila idhini. Umempa siku 2 na umeondoa mamlaka ya mkuu wa idara.

---

Karatasi_Mbili

Lakini si ni haki, mzee? Alikatazwa kuzitumia miezi yote hiyo!

---

Mzee_wa_Vifungu

Nakubali ni haki, na ningekuwa mimi ningempa. Lakini kazi uliyopewa ni kuondoa migongano bila kupunguza haki. Kwenye majaribio hakuna mgongano. Hakuna kifungu kinachoahidi kwamba siku zake hazitakufa. Sera ile ni kali, na iko wazi katika ukali wake. Ukianza kusahihisha ukali ukiuita utata, siku uongozi utakapogundua siku 2 zimeongezeka hapa, watatilia shaka hata zile 6 za uzazi, ambazo hizo zina kifungu nyuma yake.

Fungua karatasi ya pili. Iite "Mambo makali lakini yaliyo wazi". Weka majaribio humo, na gharama yake: si zaidi ya siku 2 kwa aliyeajiriwa Agosti, na 4 kwa aliyeajiriwa Julai, maana huyo amelimbikiza 12. Ila angalia, wa Julai majaribio yake yanaisha 31 Desemba yenyewe, na yuko ndani ya zuio. Pengine wakiona hivyo watakubali wenyewe.

---

WakiliWaKona

Na sheria ya nchi ikisema siku za mwaka wa kwanza hazifutwi, hiyo karatasi ya pili inahama kutoka "ombi" kwenda "lazima". Sera haiwezi kushuka chini ya sheria. Acheki hilo kabla ya kupeleka.

---

Mzee_wa_Vifungu

Sahihi kabisa, na hapo sina la kuongeza.

---

BwanaShoka

Haya, nimekubali dawa yangu ilikuwa sumu. Lakini mtajuaje mmemaliza? Mnavyoenda mtagundua mtego kila wiki.

---

HesabuSafi

Kwa kujaribu, kaka. Fungua lahajedwali, kila mstari mtu mmoja wa kubuni. Safu A ni maelezo yake, B ni vifungu vinavyomgusa, C ni siku anazobaki nazo 1 Januari kwa sera ya zamani *ukisoma kwa faida yake*, D ni kwa rasimu. E:

```
=IF(D2<C2,"PUNGUFU",IF(D2>C2,"ZIADA","SAWA"))
```

"PUNGUFU" hata mmoja, rasimu hairuki. "ZIADA" inaenda karatasi ya pili au inarekebishwa. Usimjaribu mfanyakazi wa kawaida aliyetumia siku zake zote, huyo atakuwa SAWA siku zote na hatakufundisha kitu. Weka watu walio kwenye makutano: uzazi na zuio, ugonjwa na zuio, uzazi na ugonjwa (aliyeugua akiwa likizo ya mwaka kisha akaunganisha na uzazi), majaribio na zuio. Na kila makutano weka tarehe za kingoni: anayerudi 14 Novemba, 15 Novemba, 31 Desemba, 1 Januari. Makosa yanakaa kingoni. Ongeza na safu F, ndiyo au hapana: je, sasa anahitaji idhini ambayo zamani hakuihitaji? Maana idadi inaweza kuwa SAWA huku idhini imeongezeka kimyakimya.

---

BintiMwema_

Nimerudi. Nimesoma uzi wote, na sasa naona mkataba wangu una "isipokuwa" kama hizi hizi. Unasema siku nilizolimbikiza zitalipwa, kisha unasema siku zisizotumika kabla ya tarehe ya notisi zinafutwa. Nalimbikiza halafu nazitumia lini?

---

Mzee_wa_Vifungu

Dada, nisamehe, nilikukimbiza mapema. Hicho ni kilekile: kimoja kinasema idadi, kingine ukomo. Uliza kwa maandishi, ukivitaja vifungu vyote viwili kwa namba na idadi yako ya 11, kabla hujapeleka notisi. Usiulize "je nitalipwa", uliza "siku hizi 11 ziko chini ya kifungu kipi".

---

Karatasi_Mbili

Nimejaza mistari 14. PUNGUFU moja: aliyeugua Jumatano 30 Desemba akiwa kwenye likizo iliyoidhinishwa kabla zuio halijawekwa. Rasimu yangu ya 7.1 inazungumzia "maombi", haisemi likizo iliyokwisha kuidhinishwa. Na cheti chake cha saa 48 kinaangukia 1 Januari, ofisi imefungwa. Nimeongeza "likizo iliyoidhinishwa kabla ya tangazo la zuio inaendelea", na 4.3 nimeibadilisha iwe tarehe kama HesabuSafi alivyosema, kwa zuio tu, majaribio nimeyatoa.

Hilo la saa 48 ndilo limebaki. Nihesabu saa za kalenda au za kazi? Sera haisemi, na mkuu wa utumishi anasema kwake siku zote ilikuwa "akirudi tu aje nayo".

---

HesabuSafi

Kwa usomaji wa faida ya mfanyakazi, ya kazi. Lakini "akirudi tu" ni pana zaidi ya hiyo, na kama ndivyo ilivyokuwa ikitekelezwa, mtu aliyelazwa wiki mbili leo analindwa, kesho kwa saa za kazi hatalindwa. Hapo mazoea ndiyo yanayompa zaidi.

---

BwanaShoka

Kwa hiyo mazoea yakikata siku hayana nguvu, yakiongeza yana nguvu? Chagueni moja.

---

Mzee_wa_Vifungu

Ngoja nilifikirie hilo, BwanaShoka. Umenishika pazuri.